Bima ya mkopo umekatwa, je unajua inalipa salio lipi?

Wiki hii nimekaa na mama mmoja jirani yetu huku Mbagala, mumewe kafariki, arobaini haijaisha na benki inampigia simu ya marejesho. Mama wa watu anajua mkopo ulikuwa na bima, kwenye barua ya ofa imeandikwa kabisa na hela ilikatwa siku mkopo unaingia. Akaenda tawini na cheti cha kifo, afisa mikopo akamwambia, "Pole sana mama, bima imelipa, ila kuna malimbikizo hayahusiki na bima, hayo ni ya familia." Nimekasirika mpaka leo.

Malimbikizo yalitoka wapi? Mzee aliugua. Duka likafungwa, hela ikaenda hospitali, rejesho likaruka mwezi wa kwanza, wa pili, hivyo hivyo. Sasa watu wengi hawafi ghafla jamani, wanaugua kwanza, na kwenye kuugua ndipo marejesho yanaporuka. Halafu bima nyingi za mkopo hazilipi salio unalodaiwa kweli, zinalipa salio la kwenye ratiba, yaani lile ambalo ungebaki nalo kama kila rejesho lingeingia kwa wakati. Familia inabaki na kile kile kilichosababishwa na ugonjwa!

Tupige hesabu ya mfano. Mkopo milioni 12, miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka inayopungua na salio, rejesho linakuja kama laki 4 na elfu 34 kwa mwezi. Mtu anafariki baada ya mwezi wa 20 na marejesho 4 ya mwisho hajalipa. Ratiba inasema salio ni kama milioni 6.13, bima inalipa hiyo. Yale marejesho 4 ni kama milioni 1.74, hapo bado riba na faini za kuchelewa, na hizo anabaki kudaiwa mjane. Mikataba mingine inabeba malimbikizo ya miezi michache, mingine haibebi hata shilingi, na huwezi kujua wako ni upi mpaka uusome.

Na kuusoma ndiyo shughuli, kwa sababu mkataba mkuu kwa kawaida ni kati ya benki na kampuni ya bima, wewe umeingizwa tu kwenye kundi la wakopaji. Kwa hiyo nenda tawini, omba cheti chako cha bima pamoja na masharti yake, kwa maandishi, na barua yako ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Unachotaka kukijua kwanza ni jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba, maana ukishavipata unaweza kuwauliza kampuni wenyewe bila kupitia kwa afisa mikopo, ambaye mara nyingi naye masharti hajayasoma. Waulize hivi: mnalipa salio la ratiba au salio halisi, malimbikizo mnabeba ya miezi mingapi, na taarifa ya kifo iletwe ndani ya siku ngapi. Uliza pia ulemavu wa kudumu, kwa sababu mgonjwa ambaye daktari amethibitisha hatafanya kazi tena anaweza kudai akiwa hai, kabla malimbikizo hayajajaa. Kuachishwa kazi usidhani kumo, mpaka ukuone kumeandikwa.

Kuna na ile fomu ya afya. Afisa anakujazia "hapana, hapana, hapana" we unasaini kwa haraka ya hela, kumbe una presha ya miaka. Siku ya madai kampuni inaomba faili la hospitali, inakuta presha ilikuwepo kabla ya mkopo, na hapo inapata sababu ya kukataa. Jaza mwenyewe, sema ukweli.

Nakubali, bila bima hii familia nyingi zingenyang'anywa nyumba, na huyu mama zile milioni zingine zimemtoka begani. Lakini hela imelipwa na mkopaji, sasa kwa nini karatasi ibaki benki?

Wakikuzungusha, andika malalamiko benki kwanza, na kampuni ya bima pia. Wakikukatalia au wakinyamaza, kuna TIRA wanaosimamia kampuni za bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na wewe unayepiga topapu kila mwaka, mkopo wa zamani unafungwa kabla ya muda wake na bima yake ulishalipia miezi yote, halafu unakatwa nyingine mpya. Uliza ile miezi iliyobaki inarudishwaje, na jibu walitoe kabla hujasaini.