Vuta N'kuvute: kitabu kwanza au filamu kwanza?

"Riwaya ya Vuta N'kuvute ninayo, na filamu yake nimeipata. Kila ninayemuuliza ananiambia lake. Nianze na ipi?"

Jibu langu linaanzia kwenye swali dogo ambalo wanaobishana juu ya jambo hili huliruka: Yasmin na Denge wanakutana lini?

Katika filamu ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, wanakutana mapema kabisa. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, yuko njiani usiku anapelekwa kuolewa, na katika usiku huohuo anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru wa Zanzibar dhidi ya Waingereza. Ndoa na mapenzi vinaingia kwa mlango mmoja. Tangu hapo mtazamaji anajua anasubiri nini: anasubiri wawili hawa wapatane tena.

Katika riwaya ya Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, mambo hayaendi hivyo. Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa kuweza kumzaa. Anaishi naye. Raza anahamia Mombasa, na Yasmin anafuata, kwa sababu mke hufuata. Huko ndiko anakomjua Bukheti, kijana wa Mombasa. Baadaye ndoa inamshinda, anamkimbia mumewe na kurudi Unguja, na jamaa zake wenyewe wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, walikokaa watu wa hali ya chini. Denge anaingia baada ya hayo yote.

Mtu anaweza kusema ni suala la mpangilio tu, wahusika ni walewale na kisa ni kilekile. Mimi sikubali. Mpangilio huo unabadilisha sababu ya Yasmin kuondoka. Kwenye kitabu anamwacha mumewe wakati hakuna mwanamume yeyote anayemsubiri. Hana mpenzi, hana chama, hana hata mtu wa kumwambia kwamba anachofanya kina jina. Ana ndoa isiyovumilika na miguu yake. Anapokuja kukutana na Denge, ameshalipa gharama ya uhuru wake peke yake: amepoteza mume, jamaa na kabila. Kwa hiyo Denge anapozungumzia ukombozi wa nchi, msomaji anajua kwamba huyu anayemsikiliza ametangulia kujikomboa kabla hajasikia hotuba yoyote.

Ukianza na filamu, ni rahisi sana kuondoka na picha tofauti: binti aliyeamshwa na mwanaharakati. Sisemi filamu inasema hivyo waziwazi. Nasema kwamba mtu akikutana na mpenzi wake usiku uleule anaopelekwa kwa mume, akili ya mtazamaji itaunganisha mambo hayo mawili, na kila hatua atakayoichukua baadaye itaonekana inaelekea kwa Denge. Na picha hiyo ikishaingia haitoki. Ukifungua kitabu baada ya hapo, kurasa za Mombasa unazisoma kwa haraka, ukimsubiri Denge afike. Nimeliona hili kwa mpwa wangu, aliyetazama kwanza akasoma baadaye. Nilipomuuliza habari za Bukheti, alinitazama kama nimetaja mtu wa riwaya nyingine. Alizipita kurasa zake zote akihisi bado kisa hakijaanza.

Sasa nimtetee mwongozaji, kwa sababu anastahili kutetewa na hoja zake ni nzito.

Filamu yake ni ya saa moja na nusu hivi. Riwaya ina zaidi ya kurasa 200, na mtu akiisoma kwa sauti bila kupumzika, siku nzima inaisha. Katika muda wa filamu, safari ya kutoka Unguja kwenda Mombasa na kurudi, pamoja na miaka ya ndoa, ingekula sehemu kubwa ya mchezo kabla shujaa wa pili hajaonekana. Kitabu kinaweza kumchelewesha mhusika mkuu, kwa sababu mwandishi anakushika kwa sauti yake mwenyewe: anakueleza mtu anawaza nini, anakuchekesha kidogo, anakupitisha dukani na uani. Kamera haina sauti hiyo. Inaona nyuso na vitendo. Upweke wa Yasmin, ambao mwandishi anaujenga polepole ukurasa hadi ukurasa, kwenye filamu unageuka mwanamke aliyekaa kimya, na dakika kumi za ukimya huo zingewachosha watazamaji wengi. Kuwakutanisha mapema ni uamuzi wa fundi anayejua chombo chake kinabeba uzito gani.

Na kuna yale ambayo kitabu hakiwezi kuyafanya hata kwa kurasa elfu moja. Mwajuma ni mwimbaji wa taarabu. Katika kitabu tunaambiwa anaimba na watu wanaburudika, tunaamini, tunaendelea. Katika filamu nafasi yake ameichukua Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa Zanzibar kweli, na ghafla unaelewa jambo ambalo maandishi yalikuwa yamekuahidi tu. Unaelewa kwa nini mwanamke huyu wa Ng'ambo, asiye na mali, ana heshima mtaani, na kwa nini nyumba yake ndiyo iliyokuwa kimbilio. Halafu kuna Mji Mkongwe wenyewe. Msomaji wa Mbeya au Bukoba ambaye hajawahi kuvuka bahari anaweza kusoma habari za vichochoro na baraza mara tatu, akabaki anaviona vichochoro vya mji wake. Akiitazama filamu kidogo tu, hapotei tena.

Lugha nayo ni kikwazo cha kweli, wala si uvivu wa wasomaji. Adam Shafi anaandika Kiswahili cha Unguja, kitamu, chenye maneno na mizaha ambayo mtu wa bara huikisia tu. Kwa mtoto aliyezaliwa Uingereza au Kanada, anayeelewa Kiswahili cha jikoni kwa mama yake lakini hajawahi kumaliza kitabu cha Kiswahili, kumwambia "soma kwanza" ni sawa na kumwambia asisome kabisa. Huyo aanze na filamu. Akiisha kuzisikia sauti za Mwajuma, Denge na Yasmin, maneno kwenye ukurasa yatakuwa na wasemaji. Ataupoteza mshangao wa kumkuta Denge katikati ya njia, lakini mshangao huo asingeupata, kwa sababu asingefika katikati ya njia.

Mwanafunzi wa kidato cha tano na sita ana hesabu nyingine. Riwaya hii imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili kwa muda mrefu, na najua wapo wanaotafuta filamu wiki moja kabla ya mtihani wakidhani wamepata njia ya mkato. Hapa sina pande mbili za kupima. Swali la mtihani huuliza riwaya, na msahihishaji anatafuta mifano ya riwaya. Ukiandika kwamba Yasmin alikutana na Denge akiwa njiani kwenda kuolewa, umejitangaza mwenyewe kwamba kitabu hukukifungua. Na hatari kubwa iko kwenye dhamira. Ukiulizwa nafasi ya mwanamke, hoja bora uliyo nayo ni kwamba Yasmin anaondoka kwa uamuzi wake, kabla ya siasa na kabla ya mapenzi. Filamu haikupi hoja hiyo kwa nguvu ileile. Vivyo hivyo Inspekta Wright, ofisa wa polisi wa kikoloni, anapotaka kumtumia Yasmin ampeleleze Denge: uzito wa jaribu hilo unategemea unajua nini juu ya mwanamke huyu aliyekwisha kukataliwa na kila mtu, na serikali ikaja kumnyooshea mkono wakati huo.

Kwa hao wawili, basi, majibu yananyooka. Aliyebaki ni msomaji wa kawaida kama wewe, Kiswahili unacho, mtihani huna, na vyote viwili viko mikononi mwako. Wewe nakushauri uanze na kitabu, lakini sisemi ukimalize kwanza.

Soma tangu mwanzo mpaka Yasmin anapopokelewa na Mwajuma Ng'ambo na kuanza kuyazoea maisha ya pale. Weka alama hapo. Utakuwa umepata kile kinachoharibika ukitangulia kutazama: ndoa ya Raza, Mombasa, Bukheti, na ile hatua ya kurudi Unguja akiwa peke yake. Halafu tazama filamu. Utaona mara moja pale ilipouhamisha mkutano, na badala ya kuudhika utaweza kujiuliza kwa nini, na umepata nini badala yake. Kisha rudi kwenye alama yako uendelee na kitabu, safari hii ukiwa na taarabu masikioni na vichochoro machoni.

Najua pingamizi: nikitazama katikati, filamu itanifichulia yanayokuja kitabuni. Ni kweli, baadhi yatafichuka. Kwamba Denge anasakwa na wakoloni utalijua, na mapenzi yao utayajua. Lakini hayo hata jina la riwaya limeyadokeza. Ambacho filamu haikumalizii ni safari ya Yasmin mwenyewe, ambaye maisha yake kitabuni ni mapana kuliko mapenzi yake kwa Denge. Kijana yule wa Mombasa ambaye mpwa wangu alimsahau hakuwekwa mwanzoni bure, na usipomsoma kwa makini pale, mwisho utakupita.

Upo pia mtego wa nyuso, na huo siwezi kukuondolea. Ukishamwona Ikhlas Gafur Vora akiwa Yasmin na Gudrun Columbus Mwanyika akiwa Denge, hao ndio watakaotembea kwenye kurasa zako mpaka mwisho. Wengine hilo linawakera sana. Ukiwa mmoja wao, uvumilie tu, ukisome kitabu chote na filamu ije baadaye. Kwangu mimi Yasmin wa kwanza hakufutika, kwa sababu nilikaa naye Mombasa muda wa kutosha kabla sijamwona kwenye kioo. Denge ndiye aliyebadilika: wa kwangu alikuwa mrefu zaidi na mkali zaidi, na siku hizi nikikisoma tena namwona huyu wa filamu, anayesikiliza zaidi kuliko kuhutubia.