Jaknaifu ya kuacha mmoja mmoja: wapi inasimama, wapi inaanguka

"Hii jaknaifu bado inaaminika ama niachane nayo nifanye tu butstrapu? Na kwa nini tunazidisha na n-1 badala ya kugawanya?"

Inategemea unapima nini. Jaknaifu ni kuacha kipimo kimoja kimoja, unahesabu jibu upya kila mara, halafu unaangalia linayumba kiasi gani; butstrapu ni kuchota sampuli mpya kwa bahati nasibu kutoka data ile ile, kipimo kimoja kinaweza kurudiwa. Hapa n ni idadi ya vipimo, na mimi ningeanza na karatasi na kalamu kabla ya kompyuta. Tuseme umeenda Njoro ukaandika mavuno ya mahindi kwa shamba tano, ekari 1, 2, 2, 3 na 4, magunia 15, 40, 20, 45 na 60 (hizi namba nimezichagua ndio zigawanyike vizuri). Jumla ni magunia 180 kwa ekari 12, so unapata 15 kwa ekari. Shida ni kwamba hii ni uwiano, juu na chini zote zinabadilika ukienda shamba zingine, kwa hivyo ile fomula ya kawaida ya wastani haikai hapa.

Sasa acha shamba la kwanza: 165 kwa 11, ni 15. Acha la pili: 140 kwa 10, imeshuka 14. La tatu ukiacha, 160 kwa 10, inapanda 16. La nne 135 kwa 9 na la tano 120 kwa 8, zote 15. Wastani wa hizo tano ni 15, tofauti zake ni 0, -1, 1, 0, 0, ukizipiga skwea na kujumlisha unapata 2. Halafu zidisha na (n-1)/n, hapa ni 4/5: varianse ni 1.6, kosa sanifu kama 1.26. Kwa R ni hivi:

```r
e <- c(1,2,2,3,4); m <- c(15,40,20,45,60)
r <- sapply(1:5, function(i) sum(m[-i])/sum(e[-i]))
(4/5)*sum((r-mean(r))^2)
```

Hapo kwa kuzidisha ndio watu wengi huteleza. Mtu anachukua hizo tano kama data ya kawaida, anagawanya 2 kwa 4 halafu kwa 5, anapata 0.1, na anafurahi juu kosa sanifu limekuwa dogo sana. Lakini angalia vizuri, 14 na 16 hazikutoka shamba mbili tofauti, kila moja imetoka kwa shamba nne na tatu kati ya hizo ni zile zile, kwa hivyo lazima zikaribiane. Ukiwa na wastani wa kawaida, kuacha mmoja kunausogeza kwa umbali wa huyo mmoja kutoka kwa wastani, uliogawanywa kwa n-1, na ukishapiga skwea umepoteza n-1 mara mbili. Ile (n-1)/n inarudisha kilichopotea, na kwa wastani jibu linakuwa sawa kabisa na s²/n, yaani varianse ya data yenyewe ukigawanya kwa n. Ukiona varianse yako ni ndogo mara 16 kwa data ya watu 5, ujue ni hapo ulikosea.

Upande wa pili sasa, na huu mimi nauchukulia serious. Chukua shamba zile zile, magunia kwa ekari ni 15, 20, 10, 15, 15. Tafuta mediani, ile ya katikati ukishazipanga: 15. Acha yoyote unayotaka, mediani inabaki 15. Varianse ya jaknaifu ni sufuri! Yaani inakwambia una uhakika kamili kwa shamba tano, kitu ambacho hakiwezekani. Na usifikiri ni kwa sababu namba zinafanana, hata zikiwa tofauti zote na n ni shufwa, ukiacha mmoja mediani inaruka kwa thamani mbili tu za katikati, na kuongeza data hakutibu hiyo shida. Mwanatakwimu John Tukey alipoipa jaknaifu hilo jina la kisu cha kukunja mwaka 1958 wazo lilikuwa kifaa cha mfukoni cha kazi nyingi, sio cha kila kazi. Kwa mediani nenda butstrapu, ama acha shamba kadhaa kwa mpigo, lakini uwe na data ya kutosha, juu kwa shamba tano butstrapu yenyewe ina sampuli 126 tofauti tu za kuchezea.

Kwa uwiano kama ule wetu mimi nabaki na jaknaifu, haina bahati nasibu, wewe na mimi tukiifanya tunapata 1.6 ile ile. Ila uliza kwanza shamba ni za nani. Tuseme la pili na la nne ni za familia moja, mbegu moja, trekta moja. Hapo huna vitu vitano, una vinne, na hizo mbili zinatoka pamoja: zinabaki magunia 95 kwa ekari 7, karibu 13.57. Pamoja na 15, 16 na 15, zidisha jumla ya skwea na 3/4 na varianse inafika 2.25, kosa sanifu 1.5. Data haijabadilika hata gunia moja, na hiyo kompyuta haiwezi kukwambia, lazima ungekuwa umeandika kwa daftari ukiwa shambani.