Watoto wa Jumapili, Vizibo Kumi vya Soda na Fagio

Walimu wengi wa shule ya Jumapili husema hawana vifaa kwa sababu kanisa halina bajeti ya watoto. Mimi naona shida kubwa zaidi ni aina ya kifaa tunachochagua. Mtoto wa miaka minne au mitano ukimletea yai umfundishe Utatu, atakwenda nyumbani na habari ya yai. Umri huo bado hashiki mafumbo. Mpe kitu ambacho kimo ndani ya hadithi yenyewe.

Chukua Luka 15:8-10, mwanamke aliyepotewa na shilingi moja kati ya kumi. Hadithi inataka fedha, taa na ufagio, basi. Okota vizibo kumi vya soda, vioshe, vigonge kwa jiwe mpaka vilale, maana kingo zake hukata vidole. Fagio la chelewa lipo kanisani. Kwa taa, koroboi isiyowashwa inatosha.

Panga vizibo kwenye mkeka, mhesabu pamoja kwa sauti. Kisha wafumbe macho, ufiche kimoja chini ya mkeka. Wahesabu tena: tisa! Hapo usiwaruhusu kukimbilia kutafuta, la sivyo somo linageuka mchezo na mwenye mbio anaumaliza. Mtoto mmoja ashike taa, mwingine afagie polepole, wengine wakae wakiangalia. Waambie shilingi ile ilikuwa kama ujira wa kibarua wa siku nzima, na nyumba za watu wa kawaida zilikuwa na giza hata mchana, ndiyo maana mama yule aliwasha taa. Kikionekana, aliyefagia awaite wenzake kwa majina waje kufurahi naye, kama yule mama alivyowaita rafiki na majirani.

Mchoro uje baada ya hapo. Pasua boksi, uchore kwa kipande cha mkaa mbele yao huku ukisimulia: nyumba, mama, taa, duara tisa. Usilete picha iliyokwisha kuchorwa. Mkono unaotembea ndio unaowashika macho. Duara la kumi mwachie mtoto alichore.

Sasa sema kwa maneno machache: Mungu humtafuta mtu aliyepotea kama mama huyu alivyotafuta, na akimpata hufurahi. Usiwaambie "ninyi ni shilingi". Wataangalia mikono yao.

Kujua kama wameelewa, uliza, "Nani alipotewa?" Wakijibu "Mwalimu", wamebaki na mchezo. Rudia hadithi kutoka kwenye mchoro, vizibo vikiwa vimeshawekwa kando, kisha mpe mtoto mmoja vizibo aisimulie yeye. Darasa likiwa na watoto wa chini ya miaka mitatu, acha vizibo kabisa, wasije wakavimeza, utumie magunzi ya mahindi.