Kiti Kimoja, Dola 137

Tuko watu watatu na app ya kukodisha viti na maturubai ya sherehe. Picha na video zetu zinakaa kwenye hifadhi ya klaudi. Fundi ni mimi, kwa hiyo bosi aliponiuliza, "Mdogo wangu, hiyo bili haitatupasua kweli?" nilimjibu kwa madaha: "Bosi, nimeweka bajeti ya dola 30. Ikifika hapo, basi."

Kichwani mwangu bajeti ilikuwa kama LUKU: uniti zikiisha, giza.

Ijumaa tukapandisha video ya tangazo, MB 180. Sikuibana, eti rangi za turubai zisififie. Sekunde ya 12 mjomba wake bosi anakalia kiti chetu "imara", miguu inaachia, mjomba anashuka na kitambaa cha meza pamoja na sahani ya pilau. Nikashauri tukate kile kipande. Bosi akasema, "Acha, kinavutia."

Kikavutia. Mpaka Jumatatu kiungo cha video kilikuwa kimezunguka magrupu ya WhatsApp na kufunguliwa mara 9,000, kila mara video ikichotwa moja kwa moja kutoka kwenye hifadhi yetu. Kuitunza mwezi mzima hakufikishi hata senti moja ya dola. Kinachouma ni kuitoa: baada ya GB 100 za bure, kila GB ni senti 9. Tulitoa GB 1,620. Dola 137, na mjomba bado anaanguka.

Na bajeti yangu? Ilifanya kazi yake yote, ambayo ni kutuma barua pepe. Kukata haikati. Barua zenyewe zilikwenda kwenye anwani tuliyofungulia akaunti, ambayo nywila yake hakuna aliyeikumbuka. Tulipoifungua kwa jasho, tukakuta mbili zimekaa kwa adabu: asilimia 80, asilimia 100. Hata ningezisoma zikiwa za moto ningechelewa, maana hesabu za bili hufika zimepitwa kwa saa kadhaa.

Nikabana video ikawa MB 9. Tahadhari ya fedha sasa inalia kwenye nusu ya bajeti, na nyingine inalia makadirio ya mwezi yakionyesha tutavuka. Zote zinaingia kwenye simu zetu tatu. Lakini ninayoitegemea ni ya matumizi: GB zinazotoka kwa saa zikizidi 5, inalia ndani ya dakika chache, haingoji bili. Kipimo hicho ilibidi nikiwashe mwenyewe, kilikuwa kimezimwa. Ikilia, kuna skripti inayofunga faili zisisomwe na umma. Tovuti inabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, ila mfuko unapona.

Bosi alisikiliza yote kimya, kisha akauliza, "Na oda zimeingia ngapi?"

"Mbili, bosi. Mmoja anataka kile kile kiti."