Kihansi: kosa lilikuwa kwenye mipaka ya tathmini

Kila pendekezo la bwawa linapojadiliwa nchini Tanzania, mabishano hutua kwenye cheti cha mazingira: kimetoka au hakijatoka. Kwa maoni yangu, kufikia hapo mambo mengi yameshaamuliwa, kwa sababu hatma ya tathmini ya athari kwa mazingira hupangwa mapema zaidi, pale wataalamu wanapokubaliana wachunguze nini na waishie wapi. Bwawa la Kihansi, katika milima ya Udzungwa, linaonyesha jambo hilo vizuri kuliko mradi mwingine wowote ninaoufahamu.

Hatua ya kwanza, uchujaji, haina ugumu kwa mradi wa aina hii. Swali ni moja tu: je, mradi unahitaji tathmini kamili? Mtambo wa megawati 180 unaochepusha mto mzima hauwezi kujibiwa vinginevyo, na kanuni zetu za leo zinauweka moja kwa moja kwenye kundi la lazima.

Ugumu huanza kwenye kubainisha upeo, yaani kuamua tathmini ichunguze nini na iishie wapi. Kihansi ilikuwa na sifa iliyoweza kumpotosha mtaalamu makini. Bwawa lake ni dogo, lenye ukuta wa takriban mita 25, kwa hiyo eneo lililofunikwa na maji ni dogo, na hakukuwa na vijiji vingi vya kuhamisha. Nguvu ya mtambo inatokana na mwinuko: maji huingizwa kwenye handaki, yakaporomoka zaidi ya mita 800 hadi kwenye mashine zilizo chini ya ardhi, kisha yakarudishwa mtoni. Anayepima athari kwa ukubwa wa ziwa ataona mradi usio na madhara. Lakini kati ya mlango wa handaki na mahali maji yanaporudi kulikuwa na korongo lenye maporomoko, na tathmini ya awali haikulichunguza kwa kina. Kulifikia kulikuwa kugumu. Hiyo ni sababu ninayoielewa, ila siikubali.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, tafiti za kiikolojia ziliingia korongoni na kukuta chura ambaye sayansi haikuwa imemjua. Ni mdogo, mwenye rangi ya manjano, na huzaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai. Makazi yake yalikuwa hekta chache tu za nyasi na kangaga zilizolowanishwa mchana na usiku na mvuke wa maporomoko. Mto ulikuwa ukipitisha wastani wa takriban mita za ujazo 16 kwa sekunde. Mtambo ulipoanza kazi, maji yaliyoachwa kwenye korongo yalishuka hadi chini ya mita za ujazo 2. Mvuke ulikatika, na mimea ya majimaji ikaanza kukauka.

Yaliyofuata yalikuwa juhudi za kurekebisha kilichokwisha kuharibika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kufugwa, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga mvuke. Kwa muda idadi ilipanda, lakini mwaka 2003 ikaporomoka ghafla. Ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani ulikutwa pale. Wengine walitaja pia hitilafu za mabomba na tope lenye viuatilifu lililofunguliwa kutoka bwawani. Ufuatiliaji ulifanya kazi yake, kwa maana ya kutuonyesha anguko hilo, lakini haukuweza kutenganisha sababu hizo, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu za miaka kadhaa za hali ya korongo kabla ya mto kuchepushwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na vizazi vya wale waliofugwa vikaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuja baada ya hayo, na taratibu zake ni nzuri. Hata hivyo, hadidu za rejea zinaweza bado kuandikwa zikifuata ramani ya mhandisi. Ningependa kila pendekezo la bwawa lichore mpaka wa utafiti kuanzia mwisho wa ziwa hadi chini ya mahali maji yanaporudi mtoni, na hali ya awali ipimwe angalau masika na kiangazi cha mwaka mzima kabla mkataba wa ujenzi haujasainiwa, kwa sababu baada ya saini hakuna anayehamisha handaki. Cheti nacho kitaje kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni kwa kila mwezi, kipimo kiwekwe chini ya bwawa, na takwimu zake zisomwe na mtu asiyelipwa na mwendesha mtambo.