Bwana Gute Idee na Saa Nane na Nusu

Jamani, kumbe mtu anaweza kukukubalia mpaka ukamchukia! Leo mwenzangu wa mazoezi ya mtihani wa Kijerumani kanikubalia mara kumi na moja ndani ya dakika tatu, na kila alipokubali niliona visa yangu ya kazi inachukua mkoba wake na kuondoka polepole.

Nitaandika Kijerumani jinsi kinavyoingia masikioni mwangu, mwalimu asione. Halafu wale mnaojua B1, ile ngazi ya tatu ya lugha, mniache, ninyi mmeshavuka.

Sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa B1 wa taasisi ya Goethe ya Wajerumani kwa kawaida mnaingia wawili. Mnapewa dakika kumi na tano za kujiandaa, hakuna simu wala kamusi, kisha mnaketi mbele ya wasahihishaji wawili. Kwanza mnapanga jambo pamoja. Baadaye kila mtu anatoa wasilisho lake, halafu mnaulizana maswali. Kufaulu ni alama 60 kwa 100, na kule kupanga pamoja tu kuna alama 28. Yaani alama 28 zangu nimezikalisha mezani na binadamu mwingine, na binadamu mwenyewe ndiye huyu.

Si mtu mbaya. Ananizidi miaka kumi na tatu, namwamkia shikamoo kila asubuhi, naye ananiitikia marahaba kwa sauti ya kuaminika kabisa. Tatizo linaanza mwalimu akisema tuitane "du". Nimwambie "wewe" kavu kavu mtu niliyemwamkia shikamoo dakika mbili zilizopita! Wasahihishaji, ambao pengine ni wadogo kwangu, hao ndio niwape ile "zi" ya heshima. Nikameza mate, nikasema "du", macho nimeyaelekeza dirishani.

Kazi yetu ya leo: mfanyakazi mwenzetu kalazwa, tupange kwenda kumwona. Karatasini kuna vidokezo vinne: lini, tutaendaje, tumpelekee nini, nani atanunua. Nikafungua mimi, kwa adabu zote, kwamba twende Jumamosi.

"Gute idee," akasema. Wazo zuri.

Nikashukuru. Nikasema twende kwa basi. Gute idee. Tumpelekee maua. Gute idee. Hapo nikaanza kuhisi nazungumza na ukuta uliopakwa rangi ya tabasamu. Nikakumbuka mwalimu alituambia kwamba kila mtu anahesabiwa alama zake peke yake, ila wanachotafuta ni majibizano: upendekeze, ukatae kidogo, utoe sababu, umvute mwenzako. Nami nikaamua kumvuta. Mtu wa "gute idee" usimpe pendekezo la kukubali au kukataa, muulize swali linaloanza na lini, wapi au nini, atalazimika kutoa neno jingine. Nikamkazia macho: wewe unataka twende lini?

Akafikiri. Akafikiri sana. Akasema: "Gute idee."

Basi nikajikatalia mwenyewe. Nikasema hapana, Jumamosi haiwezekani kwa sababu nina kazi. Hapo nikajitia kitanzi, maana "kwa sababu" yao inaitwa "vail", na ukishaitamka tu, kitenzi kinafukuzwa mpaka mwisho wa sentensi. Kwetu kitenzi kinakuja kimembeba mtendaji mgongoni, umesema "ninafanya" kila kitu kimo. Kwao unakishika mkononi kama mzigo wa mtu mwingine huku unapita siku, mahali na saa, ndipo unakitua. Na ukiwa na "lazima" pamoja na "kufanya kazi", vyote viwili vinangoja mwishoni: "vail ih am zamstak arbaiten mus". Mimi nilifika mwisho salama, nikafungua mkono, sina kitu. Nilikidondosha njiani, karibu na Jumamosi.

Lakini yote hayo ni tisa. Kumi ni saa.

Nilitaka kusema twende saa nane na nusu mchana. Mtu mzima, nimeishi na saa maisha yangu yote. Kichwani nikatafsiri kwa uaminifu: nane ni "aht", nusu ni "halp", nikatoa "halp aht" kwa sauti ya mkurugenzi.

Mwalimu, aliyejifanya msahihishaji, akaniuliza: asubuhi au jioni?

Nikamjibu: mchana.

Akanyamaza. Akasema "halp aht" ya mchana haipo duniani.

"Gute idee," akasema mwenzangu.

Sikilizeni nilivyoibiwa. Kwanza, saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza, yao usiku wa manane, kwa hiyo nane yetu ya mchana kwao ni mbili, au kumi na nne wakihesabu siku nzima. Wizi huo niliujua. Wizi wa pili ndio ulionimaliza: "halp" yao haimaanishi saa imepita na nusu. Inamaanisha nusu ya kuielekea saa inayokuja! "Halp aht" ni saa yao ya saba na nusu, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Nane na nusu yangu kwao ni "halp drai", nusu ya kuiendea tatu. Kwa hiyo nilikosea mara mbili kwenye maneno mawili, na mgonjwa wetu tungemkuta anapiga mswaki.

Mwalimu akanihurumia, akaniambia niiache "halp", niseme kama wanavyotangaza stesheni: "firtsen ur draisih", kumi na nne na dakika thelathini. Hapo nabaki na hesabu moja tu, ya kuongeza sita. Nikajaribu mbele ya darasa. Nikaongeza sita juu ya sita nilizokwisha kuongeza. Tukapanga kumwona mgonjwa saa mbili na nusu za usiku, na kuna mtu aliona ni wazo zuri.

Wasilisho silizungumzii leo. Kurasa tano: tambulisha mada, eleza yaliyokukuta, eleza hali ya nchini kwenu, faida na hasara pamoja na maoni yako, kisha funga na asante. Mada yangu ilikuwa watoto na simu. Ukurasa wa pili nilishasema asante na kuketi. Mwenzangu alitakiwa anipe maoni na aniulize swali moja. Mnajua alichosema.

Na ile herufi ya "u" yenye nukta mbili, ambayo unabana midomo kama ya "u" huku ndani unasema "i", nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Binti yangu kanikuta, akaenda kumwambia mama yake kwamba baba anabusu kabati.

Tatizo sasa limehamia nyumbani. Jioni hii mama watoto kaniuliza saa ngapi. Nimeangalia ukutani, nimeongeza sita, nimekumbuka kwamba hapa hakuna haja, nimetoa sita, nimekwama kwenye nusu kama inakwenda au inarudi. Akaniuliza tena, sasa kwa jina langu la ukoo. Nikamwambia ngoja, namalizia hesabu.

"Kwani mchango wa harusi umepeleka? Wanasema mwisho leo saa mbili na nusu."

Nimemjibu kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni. Sasa hivi natafuta viatu, na yeye anataka kujua huyo Gute ni mwanamke gani.