Majani elfu moja ya maharage: konvolusheni au transfoma?

Maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ilitoa picha 1,295 za majani ya maharage ya aina tatu: yenye madoa pembe, yenye kutu na mazima. Za kufunzia modeli ni 1,034 tu, na za mtihani ni 128. Kwa data chache kiasi hicho, tuchague modeli gani ya kutambua ugonjwa kwenye picha: ya konvolusheni au ya transfoma?

Tukianza na modeli isiyojua chochote, mimi nasimama upande wa konvolusheni bila kusita. Kichujio chake kidogo, mara nyingi cha pikseli 3 kwa 3, hupita picha nzima kwa namba zilezile. Kikishajifunza doa la kutu kwenye kona moja, hulitambua popote. Transfoma huikata picha ya pikseli 224 kwa 224 katika vipande 196, kila kimoja 16 kwa 16, na mwanzoni haijui hata kipande kipi kinapakana na kipi. Ujirani huo inabidi iutoe kwenye data. Tena mistari ya kukatia haisogei: doa lilelile leo liko ndani ya kipande kimoja, kesho limegawanywa kati ya viwili, na modeli inaona vitu viwili tofauti.

Watafiti wa Google walioitambulisha transfoma hii ya picha mwaka 2020 walilionyesha hili wenyewe. Kwa picha milioni 1.3 za mkusanyiko wa ImageNet peke yake, transfoma zilizidiwa na konvolusheni. Zilikuja kuongoza zilipofunzwa kwa picha milioni 300. Kwa majani 1,034 dalili huonekana mapema: usahihi kwenye picha za kufunzia unapanda, huku makosa kwenye picha za kukagulia yakiacha kushuka na kuanza kuongezeka.

Lakini ni wachache wanaoanzia sifuri siku hizi. Ukichukua transfoma `google/vit-base-patch16-224-in21k`, iliyokwisha kuona picha kama milioni 14, ujirani wa vipande imeshaujua, na pengo hilo kwa sehemu kubwa huzibika. Hapo transfoma ina faida ya kweli: tangu tabaka la kwanza inaweza kuhusisha madoa yaliyotawanyika jani zima.

Hata hivyo, modeli ya konvolusheni ResNet-50 nayo hupatikana ikiwa imeshafunzwa, ina vigezo, yaani namba inazojifunza, kama milioni 25 dhidi ya milioni 86 vya transfoma hiyo, na kwenye simu ya mkulima tofauti hiyo ni nzito. Tusidanganywe na alama pia. Kwenye mtihani wa picha 128, kila picha ni karibu asilimia 0.8, kwa hiyo 126 dhidi ya 124 hakumtangazi mshindi. Rudia mafunzo mara kadhaa kwa mianzo tofauti ya nasibu, ndipo ulinganishe.

Jambo ninaloona linasahaulika zaidi ni ukubwa wa doa. Picha hizi zina pikseli 500 kwa 500. Zikipunguzwa hadi 224, doa la pikseli 9 hubaki na 4, yaani pikseli 16 kati ya 256 za kipande chake. Kabla ya kubadilisha modeli, jaribu kuiingiza picha kwa pikseli 384.